Shajara ya mradi: picha moja ya prompti, bango la mita sita na kioo cha mlango

Jumatatu: vipimo

Kazi ni mbele ya duka la miwani. Kuna bango la sentimita 600 kwa 150 juu ya mlango, na kioo kirefu cha sentimita 90 kwa 210 pembeni ya mlango kitakachobandikwa vinaili. Picha ni ya mwanamke aliyevaa miwani na sweta la kufuma, itakayotengenezwa na modeli ya akili bandia kwa prompti, yaani maelezo ya maandishi. Mwenye duka anataka sura ileile juu na chini.

Fomu ya mchapaji inasema faili zote ziwe 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Nikiongeza sentimita 5 kila upande wa bango kwa ajili ya upindo, napata 610 kwa 160. Kwa 300 hiyo ni pikseli 72,047 kwa 18,898, yaani zaidi ya milioni 1,360. Faili la JPEG haliwezi hata kuibeba, kwa sababu upande mmoja wa JPEG hauvuki pikseli 65,535. Nimempigia fundi wa mashine. Amecheka. "Ndugu yangu, hiyo 300 ni ya vitabu na kadi. Fomu ni moja kwa kila kazi. Wewe niambie mtu atasimama wapi."

Hapo ndipo hesabu inapoanzia kweli. Jicho la kawaida hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukiwa mita 1 kutoka ukutani, pembe hiyo ni milimita 0.29. Inchi ina milimita 25.4, kwa hiyo kwenye inchi moja jicho linaweza kuhesabu nukta 87 hivi na si zaidi. Mita 2 ni nusu yake, nusu mita ni mara mbili yake. Kanuni ninayoibandika juu ya meza ni hii:

```
pikseli kwa inchi = 87 / umbali kwa mita
```

Umbali unaohesabiwa ni wa mtu wa karibu kuliko wote. Wa ng'ambo ya barabara hana shida, chochote utakachompa kitamtosha. Ukingo wa chini wa bango uko mita 3 kutoka ardhini. Mtu anayekaribia mlango, macho yake yako mita 1.6 juu, naye amebakiza mita 1 kufika ukutani. Kutoka machoni pake hadi ukingo ule ni kama mita 1.7, na 87 ukigawa kwa 1.7 unapata 51. Nimeandika 50. Bango zima basi ni pikseli 12,008 kwa 3,150, kama milioni 38.

Kwenye kioo mtu anasimama sentimita 70, maana ndipo mlango ulipo na ndipo watu husubiriana. Hesabu inatoa 124, nimeandika 125. Nikiongeza sentimita 1 kila upande ya kukatia, kioo ni 92 kwa 212, yaani pikseli 4,528 kwa 10,433, milioni 47.

Kwa hiyo kioo, ambacho eneo lake ni chini ya robo ya bango, kinadai pikseli nyingi kuliko bango. Mradi huu ni wa kioo. Bango litafuata nyuma.

Jumanne: ukubwa wa kuanzia

Natumia SDXL, modeli ya kutengeneza picha, ambayo ilifunzwa kwa picha za takriban pikseli milioni moja. Kuidai itoe picha kubwa zaidi moja kwa moja ni kutafuta watu wawili kwenye fremu, au shingo yenye urefu wa mkono. Kwa hiyo naanza kwenye saizi inazozijua, kisha nakuza.

Kwa kioo nimechukua 640 kwa 1536. Uwiano wake unakaribia wa kioo, nitapoteza kipande kidogo tu juu au chini. Kutoka upana wa 640 hadi 4,528 ni kukuza mara 7.

Kwa bango sikuomba picha ndefu yenye uwiano wa nne kwa moja. Bango lenyewe lina sura upande wa kulia, na kushoto ni rangi inayofifia taratibu chini ya jina la duka. Hakuna sababu ya modeli kunitengenezea mita nne za rangi tupu. Nimeomba kipande cha kulia peke yake, 1152 kwa 896. Kimo cha 896 kikifika 3,150 ni mara 3.5 tu. Rangi ya kushoto nitaijaza mwenyewe kwenye programu ya picha, na jina la duka, namba ya simu na nembo vitakuwa vekta, yaani maumbo ya kihesabu yasiyo na pikseli, havipiti kwa modeli kabisa. Herufi iliyozalishwa kama pikseli ndiyo ya kwanza kuonekana imevimba ikikuzwa, na ndiyo kitu ambacho kila mpita njia anakijua kilivyopaswa kuwa.

Prompti yenyewe nimeipunguza makusudi. Nimetoa "nywele zilizosukwa kwa nyuzi nyembamba" na "vumbi linalong'aa hewani". Vitu vyembamba kuliko pikseli mbili kwenye picha ya kwanza havina mbegu ya kukuzwa, na kikuzaji, yaani programu ya kukuza picha, kitavibuni upya kila kipande kivyake. Nimeomba nywele fupi, mwanga laini wa upande mmoja, mandhari yasiyo na kitu, na sweta la mfumo mnene wa nyuzi. Mfumo mnene unakuzika, kitambaa cha hariri kingekuwa plastiki.

Jumatano: uso wenye pikseli 280

Tatizo lililotarajiwa limefika. Kwenye kioo uso wa huyu mwanamke utakuwa na kimo cha sentimita 40. Kwa 125 hiyo ni pikseli 1,970 hivi. Ukigawa kwa 7 unarudi kwenye picha ya kwanza na kukuta uso mzima una pikseli 280 tu. Jicho moja lina upana wa pikseli 40 na ushei. Fremu ya miwani, ambayo ndiyo bidhaa, ina unene wa pikseli 3 sehemu zake nyingi.

Nimejaribu njia ya mkato ili niione kwa macho: mara 4 kwa kikuzaji cha Real-ESRGAN, kisha mara 2 juu yake. Kope zimeungana zikawa waya mmoja mweusi. Ngozi imekuwa laini kama ganda la yai. Fremu inayumba, inanenepa na kukonda kila sentimita chache, kwa sababu kikuzaji kilipoona ukingo wenye ngazi kilidhani kila ngazi ni pindo la kweli, na raundi ya pili ikalinoa pindo hilo. Hiyo ndiyo kasoro ya kukuza juu ya kilichokuzwa: raundi ya pili haitofautishi picha na makosa ya raundi ya kwanza.

Njia niliyoifuata ni hii. Picha nzima nimeikuza mara 2 kwa kawaida, ikawa 1280 kwa 3072. Uso sasa una kimo cha pikseli 560, lakini bado ni ukungu. Nikauzungushia barakoa na kuufanyia inpainti, yaani kuchora upya sehemu iliyozungushiwa tu, kwa kuchagua `Only masked`. Chaguo hilo linachukua eneo la barakoa peke yake, linalipanua hadi 1024 kwa 1024, linalizalisha upya kwa ukubwa huo, kisha linalirudisha mahali pake. Modeli inapata kuuchora uso kwa nafasi yake yote badala ya kuubana kwenye kona ya picha ndefu. `Denoising strength`, yaani kiasi ambacho modeli inaruhusiwa kubadilisha picha, niliiweka 0.4. Ikiwa 0.2 ukungu unabaki. Ikifika 0.6 anatokea mtu mwingine, na huyu ameshakubaliwa na mwenye duka.

Kuna jambo la kuangalia hapo. Eneo linaporudishwa kwenye picha ya 1280 linapunguzwa tena, kwa hiyo sehemu ya faida inapotea. Mimi nahifadhi pia kile kipande cha 1024 kikiwa kamili. Nitakikuza chenyewe na kukibandika juu ya picha kubwa mwishoni, nikififisha kingo zake kwenye shavu na si kwenye ukingo wa uso. Mshono kwenye ngozi tupu hufichika, kwenye mstari wa taya haufichiki.

Alhamisi: nyuso ndani ya sweta

Leo mwili na sweta. Nimepitisha picha ya 1280 kwenye vigae, yaani vipande vya mraba, vya 1024 vinavyopishana pikseli 128, kila kigae kikizalishwa upya kidogo ili mfumo wa sweta upate nyuzi. Kwa `denoise` ya 0.45 nimepata begani jicho dogo, wazi kabisa, na kwenye mkunjo wa kiwiko kitu kama pua.

Sababu yake inaeleweka. Prompti iliyokuwa inatumika ni ileile ya picha nzima: mwanamke, miwani, anatabasamu. Kigae cha bega hakina mwanamke wala miwani, kina sufu tu. Modeli inasoma prompti, inaangalia sufu, na inajitahidi kumtafuta huyo mwanamke. Kwenye vigae prompti iseme kilichomo kwenye vigae. Nimeandika "kitambaa cha sufu kilichofumwa, picha ya karibu, mwanga laini", nikashusha `denoise` hadi 0.25, nikawasha ControlNet ya vigae ili umbo la chini lishikiliwe. Jicho limeondoka.

Nyuso hizi huwezi kuziona ukiwa umeitazama picha nzima kwenye skrini. Unaitazama kwa asilimia 100, unapita mstari kwa mstari kutoka kona ya juu kushoto, kama anayefagia. Inachosha, lakini mteja atakayesubiriana na mwenzake kwenye kioo kile atakuwa na muda mwingi kuliko mimi.

Baada ya hapo hatua ya mwisho ya kukuza:

```
realesrgan-ncnn-vulkan -i kioo_1280.png -o kioo_5120.png -n realesrgan-x4plus -s 4 -t 256
```

Imetoka 5,120 kwa 12,288, kubwa kuliko ninavyohitaji. Hivyo ndivyo ninavyopendelea: kuvuka lengo na kurudi chini, si kufika karibu na kujazia. Kurudi chini kunabana makosa madogo ya kikuzaji, kujazia kunayatanua. Faili hili la 5,120 ndilo faili mama. Uso wa 1024 uliokuzwa peke yake nimeubandika hapa.

Fremu ya miwani nimeichora upya kwa vekta juu ya picha, nikifuata fremu halisi iliyoko dukani. Vivuli na mng'ao nimeacha vya picha. Hata kama kikuzaji kingeipatia sawa, fremu iliyobuniwa na modeli haiuzwi popote, na bila shaka mtu angeingia kuiulizia.

Ijumaa: bango na ngazi za rangi

Sura ya bango haikunisumbua, kama hesabu ilivyoahidi. Mara 4, kisha kurudi hadi 3,150, imekwisha. Uso ni mkubwa kwenye kipande hicho tangu mwanzo na hakuna aliye karibu nao.

Kilichonipotezea mchana ni ile rangi tupu ya kushoto. Inaanza buluu iliyokolea pembeni na kuishia buluu nyepesi karibu na sura, umbali wa mita 4. Faili la biti 8 lina ngazi 256 kwa kila rangi, na mteremko wangu unapita ngazi 40 hivi tu. Mita 4 ukigawa kwa 40 ni sentimita 10. Maana yake bango litakuwa na mistari ya wima yenye upana wa sentimita 10, kila mmoja ukiwa rangi moja bapa. Kwenye skrini mistari hiyo haionekani kwa sababu picha nzima imebanwa. Ukutani macho huikamata mara moja, hasa jioni mwanga ukipita pembeni.

Dawa yake ni chenga. Nimefanya mteremko kwa biti 16, na kabla ya kushuka biti 8 nimenyunyiza chenga hafifu za kijivu, kiasi cha ngazi moja au mbili. Mpaka kati ya ngazi na ngazi unavunjika, na jicho linasoma mteremko. Chenga hizohizo nimetia pia kwenye sura, kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu ngozi iliyokuzwa haina chembe yoyote na ikikaa kando ya rangi yenye chenga inaonekana kama kibandiko.

Chenga zinatiwa mwisho kabisa, kwenye ukubwa wa kuchapwa. Ukizitia kabla ya kukuza, kikuzaji ama kitazifuta kikidhani ni uchafu, ama kitazigeuza madoa.

Jumamosi: kipande cha A4

Sijampelekea fundi kitu bila kukiona kwa ukubwa wake halisi. Karatasi ya A4 kwa 125 ni pikseli 1,033 kwa 1,461. Nimekata kipande cha jicho, fremu na shavu kutoka kwenye faili la kioo, nikachapa kwa printa ya kawaida kwa asilimia 100. Lazima kile kisanduku cha kujaza ukurasa kizimwe, vinginevyo unapima kitu kingine.

```
magick kioo_mwisho.tif -crop 1033x1461+1700+2300 +repage -units PixelsPerInch -density 125 jaribio.png
```

Nimekibandika ukutani na kusimama sentimita 70. Kope zinasomeka moja moja upande wa nje wa jicho, upande wa ndani zimeshikana kidogo. Nimeikubali. Sentimita 30 unaanza kuona kwamba nywele za nyusi zina unene mmoja wote, jambo ambalo nyusi za kweli hazina, lakini kwa umbali huo pua ya mtazamaji inakaribia kugusa vinaili.

Kipande cha pili, cha sweta, kimeonyesha mshono wa kigae: mstari ulionyooka ambapo nyuzi za kulia zinaelekea juu kidogo kuliko za kushoto. Hapo nimepitisha brashi ya kunakili na si modeli.

Jumatatu: kupeleka

Bango lina sentimita 610. Ukurasa wa PDF kwa kipimo chake cha kawaida hauvuki pointi 14,400, yaani inchi 200, sentimita 508. Matoleo ya baadaye ya PDF yana namna ya kulivuka kikomo hicho, ila si kila programu inayoendesha mashine inaiheshimu, na nisingependa kugundua hilo turubai likiwa limeshaanza kutoka. Kwa hiyo bango limekwenda kwa skeli ya 1:10: ukurasa wa sentimita 61 kwa 16, picha ndani yake ikiwa pikseli 500 kwa inchi. Pikseli ni zilezile 12,008. Jina la faili lina maneno "skeli 1 kwa 10, chapa asilimia 1000", na nimeyarudia kwenye ujumbe. Maandishi yote yamekaa sentimita 10 ndani ya ukingo, kwani upindo na matundu ya kamba vinakula huko.

Kioo kimekwenda kwa ukubwa kamili, TIFF, kwa profaili ya rangi aliyonipa fundi. Buluu imepoa kidogo ilipoingia CMYK, nimeishusha mwenyewe kabla ili bango na kioo zipoe kwa kiasi kimoja.

Mwenye duka alikuwa ameuliza kuhusu vinaili yenye vitundu, ile inayomruhusu aliye ndani kuona nje. Nimemshauri aiache kwa kioo hiki. Vitundu vinaondoa karibu nusu ya eneo la wino, na vinaondoa bila kuchagua: kope, ukingo wa fremu, mboni. Kwa picha inayotazamwa kutoka mita 8 hilo si neno. Kwa sentimita 70 kazi yote ya Jumatano ingekwenda kwenye vitundu.

Alhamisi: ukutani

Zimefungwa. Nimesimama mlangoni na kutazama juu, pale penye mita 1.7. Ukingo wa chini wa bango uko safi na mteremko wa buluu hauna ngazi. Herufi za vekta zina ukali kuliko sura kwa tofauti unayoweza kuiona ukitafuta. Safari nyingine nitalainisha kingo za herufi kwa nusu pikseli pale zinapopita juu ya picha.

Kioo kinavutia watu kukisogelea, zaidi ya nilivyopima. Wateja wawili wamekaribia kabisa kuangalia fremu. Hapo vekta imelipa: fremu ni kali kwa umbali wowote, na jicho la mtazamaji linakaa kwenye fremu, haliendi kwenye nyusi.

Mwenye duka sasa anataka sura hiyohiyo kwenye kibao cha kaunta, sentimita 40 kwa 60, kitakachotazamwa kwa sentimita 40. Kanuni inatoa 218 kwa inchi, yaani 3,433 kwa 5,150. Faili mama lina upana wa 5,120, kwa hiyo linatosha bila kukuza chochote. Nitalikata, nitalishusha, na chenga zitatiwa upya kwa ukubwa huo. Nyusi tu ndizo nitazipitia kwa mkono.